Gharama Isiyobadilika Inapobadilika: Kueleza Ufyonzaji wa Gharama za Uendeshaji kwa Wanafunzi wa Stashahada

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya gharama zisizobadilika, gharama zinazobadilika na ufyonzaji wa gharama za uendeshaji, kwa kutumia mfano mmoja wa karakana ya madawati. Hoja yake ni kwamba mwanafunzi anayesoma uhasibu wa gharama kwa Kiswahili hupotea mahali pamoja mahususi, pale gharama isiyobadilika inapogawanywa kwa idadi ya bidhaa na kuanza kuonekana kana kwamba inabadilika. Upotevu huo una chanzo cha kihasibu na chanzo cha kilugha, na madhara yake huonekana katika bei, katika faida na katika uamuzi wa kupokea au kukataa kazi.

Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliombwa kuhariri mihadhara ya uhasibu wa gharama iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa stashahada. Nilidhani kazi yangu ingekuwa kusahihisha upatanisho wa sarufi na kusawazisha istilahi. Katika majibu ya mitihani niliyopewa nipitie, nilikuta sentensi iliyojirudia kwa watahiniwa wengi: «Gharama isiyobadilika ya bidhaa moja ni ile ile hata uzalishaji ukiongezeka.» Kisarufi sentensi hiyo haina doa, ila kihasibu si kweli. Aliyeiandika hakuwa mzembe, kwani alifuata istilahi aliyofundishwa neno kwa neno, nayo ikampeleka shimoni.

Mimi si mhasibu kwa taaluma. Ninachoandika hapa ni matokeo ya kukaa na wahasibu mezani, kuwauliza maswali ya mtu asiyejua, na kurudi kwenye maandishi kuona neno gani lilimpotosha msomaji na wakati gani. Kwa kuwa washiriki wa kongamano hili wengi wao hushauri kuhusu mitaala na istilahi, nitaieleza dhana yenyewe kikamilifu kwanza, maana anayejadili istilahi ya kitu asichokielewa huongeza maneno bila kuongeza maarifa.

Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni. Tuchukulie karakana ndogo iliyopo Katwe, Kampala, eneo linalojulikana kwa mafundi wake wa chuma. Karakana hiyo hutengeneza madawati ya shule yenye fremu ya chuma na ubao juu yake. Fedha zote ni shilingi za Uganda.

Ni kitu gani hasa kisichobadilika?

Kila dawati hutumia chuma, mbao na rangi za shilingi 90,000. Fundi hulipwa kwa kipande, shilingi 20,000 kwa kila dawati analokamilisha. Vijiti vya kuchomelea, diski za kukatia na umeme wa mashine hufikia shilingi 10,000 kwa dawati. Jumla ni shilingi 120,000, na fedha hizo hazitoki mfukoni ila dawati linapotengenezwa. Hizi ndizo gharama zinazobadilika. Madawati kumi hugharimu milioni 1.2, na madawati mia moja hugharimu milioni 12.

Karakana ina gharama nyingine zisizosubiri dawati. Kodi ya banda ni shilingi 2,500,000 kwa mwezi, mshahara wa msimamizi 1,800,000, mlinzi 700,000, uchakavu wa mashine 800,000, bima na leseni 200,000. Jumla ni shilingi 6,000,000. Mwenye banda hataki kujua mmetengeneza madawati mangapi. Mwezi ukiisha, anataka kodi yake. Hizi ndizo gharama zisizobadilika.

Hadi hapa wanafunzi wote wanaelewa. Tatizo linaanza tunapouliza juu ya dawati moja. Gharama inayobadilika ya dawati moja ni shilingi 120,000 iwe tumetengeneza kumi au mia mbili: yaani haibadiliki. Gharama isiyobadilika ya dawati moja ni shilingi 30,000 tukitengeneza madawati 200, ni 50,000 tukitengeneza 120, na ni 75,000 tukitengeneza 80: yaani inabadilika. Majina na tabia vimepishana njiani, na mwanafunzi aliyekariri majina hubaki ameshika upande usio wake.

Lugha ina sehemu yake katika mkanganyiko huu. Nomino «gharama» haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Tofauti hujitokeza katika upatanisho tu: gharama isiyobadilika, gharama zisizobadilika. Msomaji anayepita haraka haoni kwamba herufi chache za kiambishi zimemhamisha kutoka jumla ya mwezi hadi kwenye fungu la dawati moja. Katika mihadhara niliyoihariri, umoja na wingi vilitumika kwa kubadilishana, wakati mwingine ndani ya aya moja. Sikuona haja ya kubuni istilahi mpya, nami nina mashaka na mtaalamu wa lugha ambaye kila akiona ugumu hukimbilia kubuni neno. Tulichofanya ni kuweka kanuni ya uandishi: neno «zisizobadilika» litumike kwa jumla ya kipindi pekee, na kinachopelekwa kwenye bidhaa moja kiitwe «fungu la gharama zisizobadilika». Fungu hubadilika wagawiwa wakiongezeka au wakipungua, na hilo halihitaji kufundishwa kwa mtu aliyewahi kugawana chakula na ndugu zake.

Kanuni hiyo huhitaji nyongeza moja. Kutobadilika kunakozungumzwa ni kutobadilika kwa sababu ya kiasi cha uzalishaji, ndani ya mipaka fulani. Mwenye banda akipandisha kodi, gharama imepanda, lakini haijawa gharama inayobadilika, kwa sababu si idadi ya madawati iliyoipandisha. Vivyo hivyo, karakana ikipata kazi isiyoweza kuenea katika banda lililopo, italazimika kukodi la pili, na milioni 6 zitaruka ghafla hadi kiwango kingine.

Kufyonza au kubebesha

Mwalimu mkuu wa shule anakuja tarehe 3 ya mwezi na kuuliza bei ya dawati. Karakana haiwezi kumwambia asubiri hadi mwisho wa mwezi ijulikane madawati mangapi yametengenezwa na ankara zimefika kiasi gani. Kwa hiyo mhasibu hutayarisha mapema kiwango cha kupeleka gharama za uendeshaji kwenye kila kazi. Kitendo hicho ndicho kiitwacho ufyonzaji. Ili hesabu isichanganye, hapa nitashughulikia gharama za uendeshaji zisizobadilika pekee. Umeme na vijiti vya kuchomelea tumekwisha kuvihesabu ndani ya shilingi 120,000.

Hatua ya kwanza ni kukadiria gharama hizo, ambazo ni shilingi 6,000,000 kwa mwezi. Hatua ya pili ni kuchagua kipimo cha kugawia. Katika karakana ya chuma, kinachotumia banda, msimamizi na mashine ni muda wa kuchomelea, basi saa za mashine ni kipimo chenye mantiki. Tungegawa kwa idadi ya vitu, geti la chuma linalokaa kwenye mashine saa nane lingebeba mzigo ule ule unaobebwa na dawati linalokaa saa mbili. Mteja wa madawati angemlipia mteja wa mageti pasipo wote wawili kujua.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa: saa ngapi? Karakana ina mashine tatu, siku 25 za kazi, saa nane kwa siku. Hizo ni saa 600. Hakuna karakana inayozifikia. Umeme hukatika, mashine hutengenezwa, chuma huchelewa, na shule zikifungwa oda hupungua. Mhasibu akitazama misimu kadhaa iliyopita huona kwamba wastani ni saa 400. Hiki ndicho kiwango cha kawaida cha uzalishaji, nacho ndicho kinachotumika.

Kiwango cha ufyonzaji = 6,000,000 ÷ 400 = 15,000 kwa saa

Dawati linalotumia saa mbili hupewa fungu la shilingi 30,000. Gharama yake kamili inakuwa 150,000, na karakana ikiongeza asilimia kumi, bei ni shilingi 165,000.

Nina neno juu ya istilahi yenyewe. Kitenzi «fyonza» kimeenea madarasani, nami sipendekezi kiondolewe. Hata hivyo kina kasoro ya kuwafanya wanafunzi waone bidhaa kama sifongo inayovuta gharama yenyewe kwa nguvu ya asili. Dawati halifyonzi chochote. Ni mhasibu aliyekaa mezani akachagua kipimo, akachagua saa 400 badala ya 600, kisha akalitwisha dawati shilingi 30,000. Kitenzi «kubebesha» kinamwonyesha mtendaji huyo waziwazi. Nilipokitumia kama neno la ufafanuzi pembeni mwa ufyonzaji, maswali ya wanafunzi yalibadilika. Walianza kuuliza nani amebebesha, kwa kipimo gani, na kwa nini.

Kuhusu neno lenyewe la gharama za uendeshaji, nimeliepuka jina «gharama za ziada» kwa makusudi. Mtahiniwa mmoja alishauri kampuni izifute kabisa gharama za ziada kwa kuwa ni za anasa. «Gharama za jumla» nalo hugongana na jumla ya gharama, bila kutaja bei ya jumla ya wafanyabiashara.

Mwezi wa madawati 120

Tuseme shule zimefungwa, na karakana imetengeneza na kuuza madawati 120 tu. Saa zilizotumika ni 240. Kiwango cha ufyonzaji hakibadilishwi katikati ya safari, hivyo madawati yamebebeshwa 240 mara 15,000, yaani shilingi 3,600,000. Ankara za mwezi zilipokusanywa zikawa shilingi 6,200,000, kwa kuwa mlinzi wa pili aliajiriwa kwa muda. Shilingi 2,600,000 hazikupata wa kuzibeba. Hali hii ni ufyonzaji pungufu, na kiasi hicho huingizwa moja kwa moja katika hesabu ya faida na hasara ya mwezi huo.

Mwanafunzi akiishia hapo, amepata jibu la mtihani lakini hajapata habari yoyote. Kiasi hicho lazima kitenganishwe. Shilingi 200,000 zimetokana na matumizi kuzidi makadirio, na anayepaswa kuulizwa ni msimamizi aliyemwajiri mlinzi. Shilingi 2,400,000 zimetokana na saa 160 ambazo hazikufanya kazi, na kumgombeza msimamizi kwa hizo ni kumwonea, maana si yeye aliyefunga shule.

Kosa linalofuata ndilo linaloua karakana ndogo. Mwenye mali anaona mwezi umekuwa mbaya, anachukua milioni 6 na kuzigawa kwa madawati 120. Fungu linakuwa 50,000, gharama kamili 170,000, na bei mpya 187,000. Wateja waliokuwa wakisitasita wanahamia kwa jirani. Mwezi unaofuata yanauzwa madawati 80, anagawa tena, fungu linakuwa 75,000 na bei 214,500. Kila hesabu aliyoifanya ni sahihi kimgawanyo, na kila moja imemfukuzia wateja. Anachokifanya ni kuwalipisha wanunuzi waliobaki kodi ya mashine zilizolala. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuiona katika vitabu: bei inapanda wakati oda zinashuka, na ukiuliza sababu unaambiwa gharama zimepanda, ilhali bei ya chuma na ujira wa fundi viko palepale.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2, kinachohusu bidhaa zilizo ghalani, kimelizuia kosa hili katika taarifa za fedha. Kinaelekeza kwamba gharama za uzalishaji zisizobadilika zigawiwe kwa msingi wa uwezo wa kawaida, na kwamba fungu la kila bidhaa lisiongezwe kwa sababu uzalishaji umeshuka au mitambo imekaa bure. Zile zisizogawiwa huhesabiwa kuwa matumizi ya kipindi kilichozizaa. Uzalishaji ukiwa juu isivyo kawaida, fungu hupunguzwa ili bidhaa zilizo ghalani zisipewe thamani inayozidi gharama yake.

Madawati 80 ghalani

Sasa tufike mahali ambapo hata wasomaji wa taarifa za fedha huteleza. Turudi kwenye mwezi ule ule wa wateja 120, tuache mlinzi wa pili, gharama ziwe milioni 6 kamili. Msimamizi anaamua kuendelea kutengeneza madawati 200 kama kawaida. Yanauzwa 120, na 80 yanapangwa ghalani.

Kwa hesabu ya ufyonzaji, kila dawati lililouzwa limeacha faida ya shilingi 15,000, yaani 165,000 kutoa 150,000. Faida ya mwezi ni shilingi 1,800,000. Hakuna ufyonzaji pungufu, kwa kuwa saa 400 zimetumika zote na milioni 6 zote zimepata wa kuzibeba.

Kwa hesabu ya gharama zinazobadilika pekee, kila dawati lililouzwa limechangia shilingi 45,000, yaani 165,000 kutoa 120,000. Madawati 120 yamechangia 5,400,000. Ukitoa milioni 6 za mwezi, karakana imepata hasara ya shilingi 600,000.

Mwezi ni huo huo, na wateja, bei na kodi ya banda havikubadilika. Taarifa moja inasema faida milioni 1.8, nyingine inasema hasara laki sita. Tofauti ni shilingi 2,400,000, nayo iko ghalani: madawati 80, kila moja likiwa limebeba fungu la 30,000. Kodi ya mwezi huu imevikwa umbo la mali na kusukumwa mwezi ujao. Msimamizi angetengeneza madawati 120 tu, hesabu ya ufyonzaji nayo ingeonyesha hasara ile ile ya laki sita, kwa sababu milioni 1.8 zingekatwa ufyonzaji pungufu wa milioni 2.4. Kwa maneno mengine, amegeuza hasara kuwa faida kwa kutengeneza vitu ambavyo hakuna aliyevinunua, huku akitumia fedha taslimu shilingi 9,600,000 za chuma, mbao na ujira.

Hapo hakuna udanganyifu. Kiwango namba 2 kinataka bidhaa zilizo ghalani zibebe sehemu ya gharama za uzalishaji zisizobadilika, na kina kinga yake: ikiwa madawati hayataweza kuuzwa kwa kiasi kinachofikia gharama yake, thamani yake lazima ishushwe. Lakini maadamu bei sokoni bado ni 165,000, kinga hiyo haiamki. Mshauri anayesoma taarifa ya shirika la umma lenye kiwanda, hasa pale meneja anapopewa bakhshishi kwa faida ya mwaka, na aanze na mstari wa bidhaa zilizo ghalani kabla ya mstari wa faida. Faida inayopanda pamoja na ghala, huku mauzo yamesimama, imetoka ghalani.

Oda ya shilingi 140,000

Katika mwezi wa madawati 120, shule moja inakuja na oda ya madawati 40, lakini bajeti yake ni shilingi 140,000 kwa dawati. Swali hili nimeliona katika mtihani, na watahiniwa wengi hulijibu hivi: gharama kamili ni 150,000, kila dawati lina hasara ya 10,000, oda ikataliwe.

Jibu hilo limechukulia kwamba shilingi 30,000 ni fedha zitakazotoka mfukoni dawati la ziada likitengenezwa. Hazitatoka. Kodi imekwisha kulipwa kwa ajili ya mwezi mzima. Kitakachotoka ni 120,000, kitakachoingia ni 140,000, na shilingi 20,000 za kila dawati, yaani 800,000 kwa oda nzima, zitapunguza hasara iliyokuwepo. Fungu ambalo mhasibu alilibebesha dawati kwa ajili ya kupanga bei ya kawaida limesomwa kana kwamba ni ankara ya chuma.

Jibu la kukubali nalo lina masharti yake, na mtahini mwema huyadai. Kwanza, saa ziwepo: oda inahitaji saa 80, na saa 160 zimelala, hivyo hakuna mteja wa 165,000 atakayerudishwa mlangoni. Pili, oda isizue gharama mpya, kama vile kukodi lori la kupeleka madawati hadi shuleni. Lori la shilingi 800,000 lingemaliza mchango wote. Tatu, shule zinazolipa 165,000 zisiwe na sababu ya kudai bei hiyo hiyo. Sharti hili la tatu halimo katika hesabu yoyote, na katika mji ambao walimu wakuu hukutana vikaoni kila muhula, huenda ndilo gumu kuliko yote.

Bei hiyo pia haiwezi kuwa ya kudumu. Kwa mchango wa shilingi 20,000, karakana ingehitaji kuuza madawati 300 kwa mwezi ili kulipa milioni 6 zake, na madawati 300 ni saa 600, yaani kila mashine ifanye kazi kila saa ya kila siku bila umeme kukatika hata mara moja.

Katika toleo la mihadhara tulilolikamilisha, swali hili limewekwa mara mbili, mara ya kwanza likiuliza oda ya mwezi mmoja na mara ya pili likiuliza mkataba wa miaka mitatu. Majibu sahihi yanapingana, na mwanafunzi hutakiwa kuandika, kwa sentensi zake mwenyewe, ni gharama zipi zilizoitwa zisizobadilika katika swali la kwanza ambazo katika la pili zinaweza kubadilishwa: banda linaweza kuachwa, mkataba wa msimamizi unaweza kutohuishwa, mashine ya tatu inaweza kuuzwa.